43 mbili zisizolingana: pima mguu kwa milimita kabla ya kuagiza viatu

Swali: Habari fundi. Mimi ni mwalimu huku Kisumu. Viatu vya ngozi ninavyonunua mjini navaa 43 na vinanikaa vizuri miaka yote. Juzi nimeagiza raba mtandaoni, 43 hiyo hiyo. Zimefika zinanibana vidole hata kufika steji ni shida. Jedwali la muuzaji linasema EU 43 = 26.5 cm, na kwenye ulimi wa raba kumeandikwa 265(2.5). Niamini namba gani, na mguu wangu niupime vipi kabla sijapoteza pesa tena?

Jibu: Mwalimu, amini hiyo iliyo kwenye ulimi. 265 maana yake ni kwamba raba hizo zilitengenezewa mguu wenye urefu wa milimita 265. Zingatia kwamba ni urefu wa mguu, si wa kiatu. Mtu ambaye 43 ya viatu vya ngozi inamkaa vizuri huwa na mguu wa milimita 270 na ushee. Umeletewa kiatu cha mtu ambaye mguu wake ni mfupi kuliko wako, na usijisumbue kukivaa nyumbani ukitumaini kitalegea. Kitambaa na ngozi hulegea upande wa mapana. Urefu hauongezeki, kwa sababu umeshikwa na soli. Hapa Nakuru huwa naletewa viatu vya namna hiyo nivitanue, na vinavyobana mbele ya kidole huwa navirudisha kama vilivyo, kwa maana kuchukua pesa ya mtu kwa kazi hiyo ni kumwibia.

Muuzaji wako hakukosea vipimo. 43 ni kweli ilikuwa 26.5. Kilichokosewa ni hizo herufi mbili, EU. Aliyeandika jedwali alichukua namba za China akazipa jina la Ulaya, na hilo utalikuta katika maduka mengi ya mtandaoni yanayouza viatu kutoka huko.

Namba ya kiatu ni hesabu, na kila hesabu ina maswali mawili: inaanza kuhesabu wapi, na kila hatua ina urefu gani. 43 ya Ulaya inaanza sifuri, na hatua yake ni thuluthi mbili za sentimita, yaani milimita 6.67. Tena haihesabu mguu. Inahesabu kalibu, lile umbo la mbao au plastiki ambalo fundi anakivutia kiatu juu yake. 43 mara 6.67 ni milimita 287. Kalibu lazima iuzidi mguu ili vidole vipate nafasi ya kusogea mbele unapotembea, na nafasi hiyo kwa kiatu cha kawaida ni kama milimita 15. Ukizitoa, unabaki na mguu wa milimita 272.

43 ya China inahesabu mguu wenyewe, na hatua yake ni milimita 5. Tangu kiwango chao cha mwaka 1998, GB/T 3293.1, kiatu kinaandikwa milimita za mguu moja kwa moja, ndiyo maana ulimi wako unasema 265. Lakini namba za zamani bado zinatumika madukani, na kuzipata ni rahisi: chukua sentimita za mguu, zidisha kwa 2, toa 10. Mguu wa sentimita 26.5 unatoa 53, ukitoa 10 unabaki na 43. Hiyo ndiyo 43 uliyoletewa.

Sasa angalia kinachowapoteza watu. Hesabu hizi mbili zinakutana kwenye 39, ambapo zote zinatoa mguu wa milimita 245. Kwenye 38 na 40 tofauti yake ni milimita mbili hivi, kitu ambacho mguu hauwezi kukisikia. Wanawake wengi wanavaa kati ya namba hizo, kwa hiyo wanaagiza mwaka mzima bila shida na wanakuambia mtandaoni hakuna tatizo la saizi. Ila kila unapopanda namba moja, China inaongeza milimita 5 na Ulaya inaongeza karibu 7. Ukifika 43 zimeachana kwa milimita 7. Ukifika 45, China ni mguu wa 275 na Ulaya ni mguu wa 285, sentimita nzima. Wenye miguu midogo wanapata kinyume chake: 36 ya China ni mguu wa 230, ya Ulaya ni 225, kwa hiyo raba za msichana zinakuja zikipwaya kidogo. Ukisikia mtu anasema viatu vya China ni vidogo, muulize anavaa namba gani. Wa 44 atalalamika, wa 39 atashangaa mnazungumza nini.

Dawa ni kuacha kubeba namba 43 kichwani na kubeba milimita za mguu wako. Kuzipata hakuhitaji kifaa, ila kunahitaji uangalifu, maana kosa la milimita 5 ni namba nzima.

Tafuta karatasi moja ya A4, zile nyeupe za mashine ya kutolea kopi. Urefu wake ni milimita 297 kila mahali duniani, na huo utakuwa msingi wa kipimo chetu. Wewe ni mwalimu, kwa hiyo nakuonya mapema: usitumie fulskepu, maana ina urefu mwingine. Ukiwa na shaka, ilaze karibu na rula ya sentimita 30. A4 inaishia milimita 3 tu kabla ya alama ya 30.

Pima jioni, baada ya kazi. Mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, hasa kwa mtu anayesimama mbele ya darasa, na zaidi kwenye joto la Kisumu. Kiatu kilichopimiwa mguu wa asubuhi kitakubana saa kumi jioni. Vaa soksi utakazovaa na kiatu hicho, au uwe peku ikiwa ni cha kuvaliwa bila soksi.

Laza karatasi kwenye sakafu ngumu, si kwenye zulia, urefu wake ukielekea mbele, na ukingo wake mmoja uguse ukuta. Angalia ukuta wenyewe. Ukiwa na ukingo wa mbao au wa vigae chini, au plasta imebenuka, kisigino chako kitasimama mbali na ukuta wakati karatasi inaendelea, na utapata mguu mrefu kuliko ulio nao. Katika hali hiyo weka sanduku zito au tofali lililonyooka, ukingo wa karatasi uliguse, na kisigino kiliguse hapo hapo.

Simama wima, uzito ukiwa umegawanyika miguu yote miwili. Usipime ukiwa umekaa kwenye kiti. Mguu ukibebeshwa mwili hutandazika na kurefuka kwa milimita kadhaa, na kiatu kitaubeba ukiwa hivyo. Usiiname pia kujipima mwenyewe, kwa sababu ukiinama uzito unakimbilia vidoleni na kisigino kinaachia ukuta bila wewe kujua. Mwite mtu nyumbani akusaidie, mwanafunzi wa darasa la tano anatosha.

Huyo msaidizi asichore mguu kwa penseli. Najua ndivyo watu wengi wanavyofundishwa, na ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Penseli ina unene wa milimita 7 hivi. Ukiizungusha ikiwa wima kabisa, ncha yake inapita milimita 3 na nusu nje ya mguu mbele na tena nyuma, na kipimo chako kimeongezeka namba nzima. Ukiilaza iingie chini ya kidole, umepunguza. Badala yake achukue kitu chenye pembe mraba, kama kisanduku cha majani ya chai au kitabu kigumu kilichosimamishwa wima, akisogeze taratibu kutoka mbele mpaka kiguse kidole kirefu kuliko vyote. Kwa watu wengi ni kidole gumba, lakini wapo wengi ambao kidole cha pili kinatangulia, na hao wakipimwa gumba wanaumia kucha ya cha pili. Kiguse tu, kisibonyeze. Kisha aweke alama ndogo kwenye karatasi mahali kitabu kilipokanyaga.

Shuka kwenye karatasi sasa, na usipime kutoka kisiginoni. Pima nafasi iliyobaki, kutoka kwenye alama mpaka mwisho wa karatasi ulio mbele ya vidole, halafu uitoe kwenye 297. Napendelea njia hii kwa sababu mbili. Rula nyingi za plastiki za watoto wa shule hazianzi sifuri ukingoni, kuna kipande tupu cha milimita kadhaa kabla ya alama ya kwanza, na mtu akiegemeza rula ukutani anapoteza kipande hicho bila kujua. Na tepu ya fundi cherehani iliyotumika sana imevutika. Ukipima sentimita mbili au tatu tu, rula ikiwa mkononi na alama ya sifuri unaiona, makosa hayo hayana nafasi.

Fanya hivyo mguu wa kulia, fanya wa kushoto, kila mmoja mara mbili au tatu ukishuka na kupanda upya. Vipimo vya mguu mmoja vikitofautiana zaidi ya milimita 2, kisigino kilisogea au kitabu kiliinama, rudia. Miguu miwili ya mtu mmoja mara nyingi haifanani urefu, na kiatu kinanunuliwa kwa mguu mrefu. Mfupi utasaidiwa na soksi nene au soli ya ndani ya ziada, lakini mrefu hauna wa kuusaidia.

Tuseme mguu wako wa kulia umeacha nafasi ya milimita 25, na wa kushoto umeacha 28. Basi kulia ni 272 na kushoto ni 269. Namba yako ya maisha ni 272. Iandike kwenye simu. Kutoka hapo, kila skeli inapatikana kwa hesabu ya mstari mmoja:

```
Ulaya     = (mguu + 15) / 6.67
Uingereza = (mguu - 197) / 8.47
China     = (mguu / 5) - 10
```

Ulaya: 272 jumlisha 15 ni 287, gawanya kwa 6.67, unapata 43. Hapo ndipo viatu vyako vya ngozi vinapothibitisha kwamba hesabu iko sawa. China: 272 gawanya kwa 5 ni 54.4, toa 10, unapata 44.4. Hakuna kiatu cha 44.4, na kwa kuwa China wanahesabu mguu wenyewe, kushuka hadi 44 ni kuchukua kiatu cha mguu wa 270 wakati wako ni 272. Panda. Namba yako huko ni 45, au 275 kwenye ulimi. Wewe ni 43 na ni 45 kwa wakati mmoja, na zote ni kweli.

Hiyo 15 ya kwenye mstari wa Ulaya usiichukue kama sheria. Ni nafasi ya kiatu cha kawaida chenye pua ya mviringo. Kiatu chenye ncha iliyochongoka kinahitaji kalibu ndefu zaidi, labda milimita 20 au kupita, kwa sababu ile ncha ya mbele hakuna kidole kinachoweza kuingia. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuvaa 43 ya pua ya mviringo na 44 ya pua iliyochongoka. Viatu vya wazi vinaweza kuhitaji kidogo kuliko 15.

Namba za Uingereza ndizo tulizokulia hapa Kenya. Saizi 5 au 6 ya viatu vya shule ni ya hesabu hiyo. Hatua yake ni thuluthi ya inchi, milimita 8.47, kwa sababu zamani Waingereza walihesabu punje tatu za shayiri kuwa inchi moja. Hesabu inaanzia inchi 4, inapanda mpaka 13 ya watoto, kisha inarudi 1 ya watu wazima. Kwa hiyo mzazi akikuambia mtoto amepanda kutoka 13 hadi 1, usidhani amekosea. Wewe kwa hesabu yetu ni 272 toa 197, unabaki na 75, ugawanye kwa 8.47, unapata 8.85. Chukua 9. Namba za Marekani za wanaume zinazidi za Uingereza kwa nusu au kwa moja kutegemea kampuni, na za wanawake zinazidi tena za wanaume kwa moja au moja na nusu, kwa hiyo mimi sizitumii kabisa kuagizia, na kama duka linaonyesha hizo peke yake nawaandikia kuuliza milimita.

Hata kampuni kubwa hazikubaliani. Katika viatu vya wanaume, Nike wakiandika UK 9 kwenye lebo, pembeni wanaandika EU 44 na sentimita 28. Adidas wakiandika UK 9, pembeni kuna EU 43 1/3 na sentimita 27.5. Ni Uingereza 9 zote mbili, lakini moja ni ya mguu mrefu zaidi kwa milimita 5. Sasa peleka mguu wako wa 272 dukani ukiwa na sentimita peke yake. Unataka 27.5 kwa sababu ndiyo ya kwanza inayoupita mguu. Kwa Nike 27.5 iko kwenye UK 8.5 na EU 43. Kwa Adidas iko kwenye UK 9 na EU 43 1/3. Umepata viatu viwili vyenye namba tofauti vinavyotosha mguu mmoja, bila kubahatisha. Kwenye lebo za raba safu hiyo huandikwa CM, au JP kwa sababu Wajapani wanahesabu sentimita za mguu. Ni mstari mdogo, watu wanauruka, na mimi nausoma wa kwanza.

Lakini duka lako halikuwa na lebo ya kampuni kubwa, lilikuwa na jedwali la muuzaji. Jedwali la namna hiyo linaweza kuhojiwa likajibu, hata kama muuzaji hajibu ujumbe. Chukua mistari miwili inayofuatana, mathalani 43 na 44, utoe sentimita za mmoja kwenye za mwingine. Tofauti ikiwa 0.5 kila hatua, hiyo ni hesabu ya China, hata iandikwe EU kwa wino wa dhahabu. Ikiwa 0.6 au 0.7, ni Ulaya ya kweli. Rudi kwenye jedwali lako utazame 42, 43 na 44. Kwa kuwa 43 imesimama kwenye 26.5, natarajia utakuta 26 juu yake na 27 chini yake. Ukikuta hivyo, ungejua kabla hujatuma hata shilingi kwa M-Pesa kwamba 43 hiyo si yako.

Baki na swali moja tu: hizo sentimita ni za mguu au za ndani ya kiatu? Hapa ndipo mtu makini anaweza kuanguka, kwa sababu wauzaji huandika "urefu" bila kusema wa nini. Ukiwa umeshajua hatua, mstari wa 43 wenyewe utakuambia. Katika hesabu ya Ulaya, 43 ikiwa karibu na 27.2 ni mguu, na ikiwa 28.5 au zaidi ni urefu wa ndani ya kiatu. Katika hesabu ya China, 43 ikiwa 26.5 kamili ni mguu, na ikiwa imepanda kufika 27.5 hivi, yaelekea wamepima soli ya ndani. Ukichukua urefu wa soli ya ndani ukadhani ni wa mguu, utaagiza kiatu ambacho vidole vinagusa mbele kabisa, na utaumia zaidi ya ulivyoumia sasa. Ikiwa ni wa soli ya ndani, tafuta mstari unaouzidi mguu wako kwa milimita 10 hadi 15. Kwako ni kuanzia 28.2 mpaka 28.7.

Na hilo unaweza kulipima nyumbani leo. Vile viatu vyako vya ngozi vinavyokukaa vizuri, kama soli ya ndani inatoka, itoe uilaze mezani uipime kutoka ncha hadi ncha. Ukipata kama 285, basi una namba ya pili ya kuandika kwenye simu karibu na 272: moja ya mguu, moja ya kiatu unachokipenda. Hiyo ya pili ndiyo ya kwenda nayo Kibuye kwenye mitumba, ambako lebo zimefutika na jozi moja inaweza kuwa imetoka Korea na jirani yake Ujerumani. Unavuta soli ya ndani, unaipima kwa tepu ndogo ya mfukoni, na hakuna haja ya kumuuliza mtu ni saizi gani. Angalia tu kama soli hiyo ni ya kiatu hicho, maana zingine zimebadilishwa.

Hiyo 2.5 kwenye mabano ni upana. Wachina huandika 1.5 kwa mguu wa wastani au mwembamba, na namba inavyopanda ndivyo kiatu kinavyotanuka. Yako ni 2.5, kiatu kipana, kwa hiyo sina wasiwasi nacho upande huo. Naitaja kwa sababu ukiagiza 275(1.5) unaweza kupata urefu sahihi na ubavu unaobana kwenye kifundo cha kidole kidogo. Mtu akibanwa ubavuni, kupanda urefu si suluhisho. Kisigino kitaanza kupwaya, mahali kiatu kinapokunjikia patakuwa mbele ya mahali mguu unapokunjikia, na malengelenge yatatoka nyuma. Atafute upana mwingine wa urefu ule ule, au muundo mwingine.

Kwa hiyo kwenye duka lile lile agiza 45 na umwandikie muuzaji maneno haya: "Mguu wangu ni milimita 272 nikiwa nimesimama. Nataka jozi ambayo ulimi wake umeandikwa 275, upana 2.5. Ikiwa haipo, usitume." Ujumbe huo unaeleweka hata ukipitia kwenye programu ya kutafsiri, kwa sababu kilicho muhimu ndani yake ni tarakimu, na mkigombana baadaye una ushahidi wa ulichoomba. Ukiona wana 270 na 280 tu, chukua 280 uongeze soli ya ndani nyembamba. Usikubali 270.

Kifurushi kikifika usikitoe nje kukijaribia. Soma ulimi kwanza. Kisha jioni, soksi zikiwa miguuni, vaa viatu vyote viwili ndani ya nyumba kwenye sakafu safi, simama, usukume mguu wa kulia mbele mpaka vidole viguse. Nyuma ya kisigino kidole chako cha shahada kiingie bila kusukumwa kwa nguvu. Kikiingia kwa shida au kisiingie, toa soli ya ndani uipime, piga picha ikiwa juu ya rula na ulimi ukiwa pembeni, umtumie muuzaji siku hiyo hiyo, kabla soli ya chini haijagusa vumbi la barabarani. Kiatu kisichokanyaga nje bado ana sababu ya kukipokea. Kilichochafuka hatakigusa.